Bi Rangi na Mifuko Myeusi

Hospitalini walimwita Bi Rangi, na jina hilo hakulikataa. Alikuwa afisa afya, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa haraka, na kila taka iliyotoka wodini ilikuwa mikononi mwake. Mumewe alipenda kuwasimulia wageni kwamba wiki ya kwanza ya ndoa alitupa ganda la chungwa kwenye ndoo isiyo yake, akasomewa mashtaka mpaka chakula kikapoa. Wageni wakicheka, Bi Rangi naye hucheka, lakini zile ndoo tatu za jikoni hakuziondoa.

Ukali wake haukutoka hewani. Mama yake mzazi alikuwa mfuaji wa hospitali. Siku moja akikusanya mashuka, sindano iliyosahauliwa kwenye mikunjo ikamchoma kidole. Hakuna aliyempima wala kumpa dawa. Alifunga kitambaa, akaendelea kufua. Baadaye ugonjwa wa ini ukamwangusha akiwa bado na nguvu zake, na msibani watu wakanong'ona kwamba marehemu hakuwa mwangalifu. Bi Rangi, wakati huo msichana wa shule, aliyasikia yote akiwa amebeba sinia la vikombe. Hakuwasamehe, na mpaka leo hajawasamehe. Sindano ile ilikuwa na mwenyewe. Kuna mtu aliitumia, akaiacha, akaenda nyumbani kwake kulala, na msiba mzima hakuna aliyemtaja.

Ndiyo maana alipokabidhiwa kazi, jambo la kwanza alilowafundisha watu halikuwa rangi. Lilikuwa ni hili: aliyezalisha taka ndiye anayeitenganisha, palepale aliposimama. Karatasi na mabaki ya chakula viingie mfuko mweusi. Bandeji, pamba na glavu zenye damu ziingie wa njano. Kondo la nyuma na vipande vya mwili viingie mwekundu. Sindano na nyembe haziingii mfuko wowote. Zina boksi lao gumu, zinatumbukizwa bila kurudishiwa kifuniko, na boksi linafungwa likijaa robo tatu, si mpaka sindano zichungulie mdomoni. Mhudumu wa usafi anafunga mfuko, anaubandika jina la wodi na tarehe, anausukuma kwa toroli mpaka chumba cha taka. Hafungui tena, hachambui. Mweusi unaondoka na lori kwenda jalala la mji. Mingine yote haitoki nje ya uzio; mwisho wake ni tanuri au shimo maalumu.

Daktari aliyetupa bomba la sindano kwenye pipa la karatasi aliitwa kama anavyoitwa mhudumu, na alikuja. Mara nyingine alikuja amenuna. Bi Rangi hakujali, kunung'unika hakuambukizi.

Sasa mambo yaliharibika akiwa likizo, kwa bintiye aliyejifungua. Mifuko ya njano iliisha stoo. Katibu wa hospitali, msimamizi wa fedha na vifaa, alisema mzigo uko njiani, na watu wakajua maana yake. Dada mkuu wa wodi ya upasuaji, muuguzi msimamizi, akapata akili ya haraka: weka mfuko mweusi ndani ya pipa la njano, na ukijaa, ufunge shingoni kwa kitambaa cha njano kilichochanwa kwenye shuka kuukuu. Kila mtu alimpongeza. Wodi nyingine zikaiga, kila moja na kitambaa chake, na shuka lilipoisha wodi moja ikafunga kwa bandeji nyeupe, ikidhani wote wameelewa.

Bi Rangi alirudi kazini asubuhi ya lori. Alipofungua chumba cha taka alikuta mlima wa mifuko myeusi. Michache ilikuwa na kitambaa shingoni. Mingi haikuwa nacho, wala jina la wodi, kwa kuwa kitambaa ndicho kilichogeuzwa alama. Na sakafuni, chini ya magurudumu ya toroli, vitambaa vya njano vilikuwa vimetawanyika, vimefunguka njiani au vimekwanyuka mifuko ilipokuwa ikirushwa. Alimuuliza mhudumu upi ni wa ofisi na upi ni wa upasuaji. Mhudumu akatazama rundo, akatazama vitambaa, akasema hajui.

Nje, lori lilikuwa limekwisha kurudi nyuma mpaka mlangoni. Mpakiaji wake alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, mtu wa utani asiyefunga mdomo. Alimpigia saluti akamuuliza kama mjukuu ameshafundishwa ndoo. Kisha akanyoosha mikono kuchukua mfuko wa kwanza.

Bi Rangi akafunga mlango kwa kufuli, akapindua ndoo, akaikalia mbele ya mlango.

Shemeji alidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha, akaanza kulalamika: dereva ana vituo vingine, bosi wao hapendi kungoja, na yeye ndiye atakayetukanwa. Bi Rangi akamwomba amwonyeshe glavu zake. Akamwonyesha, za pamba, zimetoboka vidoleni. Akamwuliza mfuko mzito huwa anaubebaje. Akasema kama watu wote wanavyobeba, anaukumbatia kifuani kisha anaurusha juu.

"Leo hukumbatii kitu," Bi Rangi akamwambia.

"Shemeji, acha nifanye kazi yangu. Unanitia matatani bure."

Ni kweli alikuwa anamtia matatani, na hilo lilimuuma. Alijua pia kwamba angemwachia, angekula naye chakula Jumapili akimtazama vidole. Hakuinuka.

Habari ikamfikia katibu, akaja mwenyewe, shati jeupe, funguo zikicheza mkononi. Alikuwa mtu mpole kwa kawaida, na upole huo ndio aliokuja nao kwanza. Alieleza kwamba lori likiondoka tupu, chumba kitafurika kabla halijarudi. Bi Rangi akasema anajua. Katibu akashauri basi wahudumu waifungue, watoe cha damu, kibaki cha kawaida. Bi Rangi akasema mfuko uliofungwa haufunguliwi hapa na mtu yeyote, kwa sababu wa kufungua ndiye atakayechomwa. Kisipojulikana kilichomo, mfuko wote unahesabiwa kuwa wa hatari. Taka ikichanganyika inapanda daraja, haishuki. Yote iende tanuri.

Hapo upole ukamwisha katibu. Mafuta ya tanuri yalikuwa yamepangiwa mwezi mzima, na huyu mwanamke alitaka kuyamaliza kwa karatasi za ofisi. Alimwambia anazidi mipaka. Alimwambia kuna watu wengi wenye cheti kama chake wanaotafuta kazi. Akamwamuru mlinzi avunje kufuli. Mlinzi akatafuta kitu cha kuvunjia, akatafuta polepole sana, kama mtu anayeomba asikipate.

Bi Rangi akasimama. Akatoa ufunguo mfukoni, akafungua mlango mwenyewe, akausukuma mpaka ukutani.

"Huhitaji kuvunja," alimwambia katibu. "Unasema ni karatasi. Beba mfuko mmoja. Mmoja tu. Ukumbatie kama shemeji yangu anavyokumbatia, uupandishe kwenye lori. Ukishafika juu, mimi naenda nyumbani na kazi nakuachia."

Wahudumu walikuwa wamekusanyika. Dada mkuu wa upasuaji naye alikuwa amefika, amesimama mbali kidogo, macho yake kwenye vile vitambaa sakafuni. Katibu akaweka funguo mfukoni. Akaingia. Akainama juu ya mfuko uliokuwa karibu, akanyoosha mkono mpaka vidole vikakaribia plastiki, kiatu chake kikaugonga mfuko, nao ukatoa ile sauti ndogo ya kitu kigumu kinachojigeuza ndani.

Mkono ukabaki hewani, kisha ukarudi. Akajifuta kwenye suruali, ingawa mkono haukuwa umegusa kitu.

Hakuna aliyecheka. Ila shemeji mtu, ambaye asubuhi nzima alikuwa anapiga kelele aachiwe afanye kazi, alivua zile glavu zake zilizotoboka, akafunga mlango wa nyuma wa lori na kukaza komeo.

"Bosi wenu anaogopa na bado ana shati," alisema. "Mimi nina ngozi tu."

Akapanda, lori likaondoka tupu.

Katibu akarudi ofisini kwake. Dada mkuu ndiye aliyesogea. Alisema wazo lile la vitambaa lilikuwa lake, na kwamba hatarudi wodini kabla hajajua la kufanya. Bi Rangi hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alimwambia lilikuwa wazo baya la mtu mwenye nia njema, na kwamba siku nyingine njano ikiisha atumie nyekundu, na nyekundu ikiisha asimamishe mtu mlangoni kwa katibu mpaka mifuko ipatikane. Kisha akawavalisha wahudumu aproni nzito, mabuti na glavu ngumu za mpira. Mifuko ikashikwa shingoni, mbali na mwili, ikaingizwa mmoja mmoja kwenye mapipa magumu ya njano yenye mfuniko na magurudumu. Dada mkuu aliyashika mapipa yasiyumbe.

Tanuri liliunguruma siku zilizofuata. Bi Rangi aliagiza mifuko ile ichomwe peke yake, bila boksi hata moja la sindano, ili majivu yaonyeshe kilichokuwamo. Aliitwa mbele ya kamati ya hospitali akaonywa kwa kumdharau mkubwa wake. Walipomuuliza kama anajuta, alisema hajuti, na wakamwambia atoke nje. Mifuko ya njano ililetwa juma hilohilo. Ule mzigo uliokuwa njiani siku zote, ghafla njia ikafupika.

Katibu alimkuta siku moja uani, akamuuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, iwapo kilionekana chochote cha maana kwenye majivu.

"Hata kama pangetoka karatasi tupu," Bi Rangi akamjibu, "ningekaa juu ya ile ndoo tena."

Hakumwambia zaidi. Aliyeambiwa ni shemeji yake, lori liliporudi. Alimpeleka nyuma ya tanuri, ambako mchomaji alikuwa amesogeza majivu kwa reki kabla ya kuyamwaga shimoni. Moto huunguza plastiki na damu, chuma hauli. Sindano zilikuwa zimelala katikati ya kijivu, nyeusi, nyembamba, ncha zao bado ni ncha, na hazikuwa mbili wala tatu.

Shemeji alizitazama muda mrefu. Taratibu akakunja mikono yake, akavificha viganja makwapani kama anayesikia baridi, ingawa joto la tanuri lilikuwa bado linawachoma usoni.

"Na mimi nilikuwa na haraka," alisema.

"Najua," Bi Rangi akasema. "Ndiyo maana nilikaa."