Ba'mdogo Alivyozunguka Mto

Saa saba mchana, siku ya nikaha yangu, nilikuwa nimeketi kitandani kwa mama, Tottenham, hina imenikolea hadi viwikoni, simu ikaita. Alikuwa ba'mdogo, mdogo wake marehemu baba, ndiye walii wangu. Anaishi nje kabisa ya London, kwenye mashamba ya mboga anakofanya kazi, na saa hizo alipaswa kuwa njiani kuja kuniozesha.

"Mwanangu, daraja limefunikwa. Maji yamepita juu ya barabara, polisi wanaturudisha nyuma."

Kazi yangu ni kupanga safari za magari ya mizigo. Nikisikia barabara imefungwa sipayuki, natafuta kalamu. Siku hiyo niliokota penseli ya wanja.

"Ramani inasema kuzunguka ni ngapi mpaka mrudi kwenye barabara yetu?"

"Arobaini."

Nikaandika arobaini nyuma ya kadi ya mwaliko. Kutoka hapo watakaporudi barabarani hadi Tottenham ni maili arobaini nyingine, saa moja na dakika kumi. Njia za mashambani siku ya mafuriko huendi zaidi ya maili thelathini kwa saa, kwa hiyo mzunguko peke yake ungekula saa moja na dakika ishirini. Na mafuta je?

"Yapo ya kutufikisha," alisema.

"Taa imeshawaka!" mama mdogo, mkewe, alipiga kelele kutoka kwenye usukani. Ba'mdogo hutia dizeli kama anayetia sukari kwenye chai ya mgeni asiyempenda. Nikaongeza dakika kumi za kituo cha mafuta. Kwa jumla wangefika saa kumi kasoro dakika ishirini.

Shehe alikuwa na nikaha nyingine Woolwich, na saa tisa na nusu lazima aondoke. Mama alipompelekea habari sebuleni, alijibu kwa upole kwamba si tatizo, walii ampe wakala kwa simu, naye shehe ataozesha kwa niaba yake. Alikuwa sahihi kabisa, na nilimkasirikia kwa kuwa sahihi.

Nilimweleza ba'mdogo. Nilisikia waipa zikifuta kioo.

"Haya," alisema. "Mpe shehe simu basi. Nilikuwa nataka mkono wa yule kijana anayekuoa niushike mwenyewe, lakini haya. Kumbe tumetembea arobaini na nane zote hizi bure."

Nilikuwa nimeshafika mlangoni na simu. Nikasimama.

Arobaini na nane? Kutoka kwake hadi darajani ni maili thelathini. Nimeipita njia hiyo mara nyingi mno. Maili thelathini ni kilomita arobaini na nane.

"Ba'mdogo, simu yako inasoma maili au kilomita?"

"Kilomita! Mimi maili za nini? Nimezaliwa Tanga!"

Miaka yote hiyo Uingereza, na hakuwahi kuibadilisha ile simu. Nami kazini naishi kwa maili, sikufikiria kumuuliza. Nilirudi kitandani nikicheka, nikakata yote niliyoandika. Kilomita arobaini ni maili ishirini na tano, dakika hamsini za mwendo. Ukitoa kilomita tano za njia ya kawaida ambazo hawatazipita, nyongeza yenyewe ni thelathini na tano, na gari lao hula lita moja kwa kilomita kumi. Kwa njia fupi mafuta yake yangetosha bila ziada. Sasa yalipungua kama lita tatu na nusu.

"Tieni dizeli mji wa nyuma, lita kumi, usibishane. Mkitoka sasa hivi, saa tisa na dakika kumi mko hapa."

"Lita tano zatosha—"

"Ba'mdogo!"

"Kumi, kumi."

Shehe alikubali kusubiri. Mimi sikukubali kukaa. Shangazi zangu walinipaka wanja mara mbili, maana penseli ilikuwa butu kwa hesabu zangu.

Saa tisa na robo mlango uligongwa. Aliingia na kanzu iliyolowa pindo, ananukia dizeli, macho mekundu. Kabla ya kwenda kwa wanaume alipaswa kuja kwangu kwanza, kuniuliza kama nimeridhia. Tangu baba afariki sijawahi kumwita vingine ila ba'mdogo. Mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo; alisema baba yangu ni mmoja, yeye amemshikia nafasi tu.

Aliniuliza.

"Nimeridhia, baba," nilisema.

Aliniangalia kidogo. Hakunisahihisha. Kisha akaenda kuushika mkono wa kijana.