Vichwa Viwili vya Bafu la Manyoni

Zefania alikuwa mtunzaji wa nyumba ya wageni ya serikali pale Manyoni, karibu na stesheni, enzi za Waingereza. Alikuwa na wake wawili. Rahabu, mama wa Antipasi, ndiye mkubwa, aliyeolewa kanisani. Luciana aliletwa baadaye kutoka Issuna, na kwa ajili yake Zefania akatengwa na meza ya Bwana. Rahabu hakuwahi kumsamehe Luciana kwa hilo, wala kwa mengine yote.

Nyumba ile ilikuwa na mabafu mawili, kila moja na bomba lake la mvua, lenye kichwa cha shaba kilichotobolewa matundu madogo. Maji ya kisima cha Manyoni ni ya chumvi, huacha ukoko mweupe hata ndani ya birika. Ukoko huo uliziba vile vichwa mpaka maji yakawa yanadondoka kama pua ya mtoto mwenye mafua. Ndipo mzungu mmoja wa reli akaandika kwenye daftari kwamba Ijumaa atarudi, na akikuta bado hakuogeki, atatafutwa mtunzaji mwingine.

Jumatano asubuhi Zefania akafungua vile vichwa, akampa Luciana vyote viwili. Akasema Luciana amewahi kufanya kazi kwa mke wa Harish wa dukani, anajua mambo ya bafu.

Rahabu alikuwa anapeta mtama. Ungo ukasimama. Miaka kumi na moja amebeba maji ya moto ya wageni wa nyumba hiyo, na leo anayejua mambo ya bafu ni mtoto wa juzi! Akainuka, akachukua kichwa kimoja mkononi mwa Luciana.

"Kimoja chako, kimoja changu," akasema. "Tutaona nani wa kupewa kazi."

Zefania akajifanya anatafuta kofia.

Luciana akaloweka ukwaju, akachuja, akakizamisha kichwa chake chote ndani ya chungu, akakiweka karibu na majivu yenye joto. Akasema hataki kukigusa mpaka kesho. Rahabu akacheka kwa sauti ili asikike. Maji ya ukwaju, ya kunywea uji! Yeye akaenda kwa Petro, fundi wa malori, akamsumbua mpaka akampa maji ya betri kwenye chupa. Petro akamwonya kwamba hayo hula ngozi.

"Basi yatakula na ukoko," Rahabu akamjibu.

Akamimina ndani ya bakuli la udongo lenye kichwa chake. Lo, povu likafura likalia kama pombe ya mtama inayochacha. Akatazama upande wa Luciana, akangoja atazame. Luciana hakutazama. Muda si muda povu likafa. Rahabu akakitoa kwa kijiti, akakisuuza, akapuliza: tundu hata moja halikupitisha pumzi. Juu pamebaki utando wa kijivu, mgumu kama chokaa ya ukutani. Akaongeza maji ya betri, povu kidogo tu. Jioni shaba ilikuwa imegeuka nyekundunyekundu, na kanga yake ina vitundu sita.

Alhamisi asubuhi Luciana akatoa chake, akakisugua kwa brashi ya katani, na ukoko ukatoka laini kama ugali uliolala majini. Akakipuliza. Kikalia filimbi kila tundu. Zefania akasema, "Hii ndiyo mikono." Neno hilo lilimchoma Rahabu kuliko maji ya Petro.

Lakini Ijumaa ilikuwa kesho, na mabafu ni mawili. Rahabu akaja na kichwa chake, akakiweka mbele ya mwenzake.

"Shikamoo dada," Luciana akasema.

"Marahaba. Chako kimefanyaje?"

"Ukoko umeingia mpaka ndani ya matundu. Yale makali yamekula juu kidogo, yakafanya gamba, yakazuiwa hapo. Haya ya ukwaju ni dhaifu, ila yamekaa humo siku nzima na usiku. Tusugue gamba kwanza, nikubadilishie ukwaju mpya. Tena usikitoe kila saa kukichungulia, Mama Antipasi. Nakujua."

Rahabu akakaa kwenye kigoda kando ya chungu tangu asubuhi ile. Kuku akikaribia, anamfukuza. Zefania akitaka kufunua, anamkaripia. Mkono ulimwasha kuchungulia, na hakuchungulia.

Ijumaa mchana kilipulizika. Mzungu akaja, akaoga kwenye bafu lenye kichwa hicho. Zefania akaja akicheka, akaanza kumsifu Luciana, na Luciana akamkatiza: "Hicho ni cha dada."

Rahabu akakereka zaidi. Hata sifa yake sasa apewe na yule!

Mwisho wa mwezi uliofuata ukoko ulikuwa umerudi, na Luciana alipoamka akakuta vichwa vyote viwili vimeshazama ndani ya ukwaju, na Rahabu kwenye kigoda.

"Vimeingia tangu jana usiku," Rahabu akasema. "Usiguse."