Barua Ambayo Mama Msumari Hakuisaini

Pale kwenye kiwanda cha maboksi, afisa utawala alijulikana kwa jina la Mama Msumari. Hakuwa mkali, alipenda utani na kicheko chake kilisikika mpaka getini. Walimwita hivyo kwa sababu akishasimama mahali, kumng'oa ni kazi. Kila mgeni aliyealikwa na kampuni kutoka nje ya nchi alikuja na barua yenye saini yake.

Mwaka huo kiwanda kilinunua mashine mpya ya kukata na kukunja maboksi. Ilikuwa bado kwenye makreti yake karibu na ghala, ikimsubiri fundi wa kampuni iliyoiuza aje kuifunga na kuwafundisha wafanyakazi kuiendesha. Wateja walishaanza kunung'unika, na mkurugenzi maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Asubuhi moja akamwita Mama Msumari ofisini kwake.

"Mama, mwandikie yule fundi barua ya mwaliko leo. Sema anakuja kwenye mikutano, wiki moja, na gharama zote anajilipia."

"Bosi, fundi atakaa wiki sita. Na haji kukaa mkutanoni, anakuja kufunga mashine. Hiyo ni kazi, inataka kibali cha muda."

"Kibali kitatuchelewesha. Viza ya mikutano inatoka upesi. Akishaingia, nani atamfuata humu ndani?"

"Na gharama? Mkataba unasema nauli ya ndege ni ya waliotuuzia mashine. Malazi, chakula na usafiri wa hapa ni juu yetu."

"Tukiandika hivyo, ubalozi utatutaka taarifa za benki. Sitaki usumbufu."

Mama Msumari alivua miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya mtandio. "Akikutwa ameshika spana, atakayefukuzwa nchini ni yeye. Nami nitakuwa nimeihakikishia serikali kwamba amekuja kuzungumza tu. Siisaini."

"Unajua ni wangapi wanakitaka hicho kiti chako?"

"Najua. Mwambie mmoja wao aisaini. Au saini mwenyewe, kalamu unayo."

Alitoka akiwa amenyoosha shingo. Nyumbani mumewe alimsikiliza mpaka mwisho, akaacha kula.

"Mama watoto, sasa tutaishi kwa kutazamana?"

"Tutatazamana. Mbona tulipooana ndiyo ilikuwa kazi yetu?"

Mzee wa watu akacheka bila kutaka, akaendelea kula.

Mkurugenzi aliiandika barua mwenyewe, akaisaini, akaipiga muhuri, ikaenda. Ila alitumia karatasi ileile ya siku zote yenye nembo ya kampuni, na namba ya simu iliyochapwa chini yake ilikuwa ya mezani kwa Mama Msumari. Fundi alipopeleka maombi ubalozini huko kwao, simu ikalia.

"Napiga kutoka ubalozini, kitengo cha viza," sauti ya kike ilisema. "Nahakiki mwaliko wenu. Huyu mgeni anakuja kufanya nini hasa?"

Angeweza kumaliza mambo palepale kwa uongo wa maneno mawili. Angeweza pia kumwaga yote. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Barua sikuisaini mimi, dada. Subiri nimlete aliyeisaini."

Akamwita mkurugenzi, akamkabidhi simu, akabaki amesimama palepale na mikono kifuani.

"Ni mikutano," mkurugenzi alisema. "Ndiyo, wiki moja." Akasikiliza. "Ameandika wiki sita kwenye fomu? Labda… atatembea kidogo. Malazi? Malazi tunalipa sisi." Akaitazama nakala ya barua yake aliyosukumiwa na Mama Msumari, akakunja uso. "Hapana, samahani. Analipa mwenyewe."

Alipoweka simu, kola ilikuwa imelowa. Ubalozi ulisimamisha maombi mpaka upate barua nyingine pamoja na kibali.

"Andika unavyotaka," alisema bila kumtazama.

"Nitaandika ilivyo. Na safari hii tunasaini wote wawili."

Akaandika: anakuja kufunga mashine na kutoa mafunzo, wiki sita, tarehe ya kuingia hii, ya kutoka hii, nauli ya kuja na kurudi ni ya mwajiri wake, malazi, chakula na usafiri wa hapa ni vya kampuni. Akaambatanisha mkataba na taarifa za benki, akaomba kibali. Kilichelewa kweli, na mteja mmoja mkubwa akahama. Mkurugenzi hakuacha kumkumbusha, tena mbele za watu.

"Kweli kahama," Mama Msumari alimjibu siku moja. "Bado siisaini ile."

Fundi alipofika, jina la Mama Msumari halikuwamo kati ya walioalikwa kushuhudia mashine ikiwashwa. Alifunga ofisi, akashuka kiwandani, akapita mbele ya mkurugenzi, akamsalimia vizuri, akasimama mstari wa mbele. Boksi la kwanza lilipotoka, aliliokota, akaligeuza huku na huku.

"Limekaa sawa," alisema, akampa mkurugenzi alishike.