Tuta Lililorukwa

Baba yangu alizaliwa Titye, mama yangu Kasanda, na hakuna kati yao aliyeingia darasani. Mimi pia sikuingia. Kwa hiyo andika ninavyosema, mjukuu wangu, wala usinipambe.

Katika nyumba hii kuna jambo lililotutangulia. Mama yako alipofanya mtihani wa kidato cha nne kule Kibondo, alirudi akisema karatasi ilipofunuliwa, kila alichokijua kilitoka kichwani kama moshi utokavyo chini ya paa. Hakurudi tena shuleni. Majirani walisema ni la ukoo, na kwamba litakuja kwako pia. Niliwafukuza uani, lakini maneno yao yalibaki.

Nawe likakufikia. Katika mtihani wa majaribio wa hesabu, swali la kwanza lilikugomea, nawe ukalikodolea macho mpaka msimamizi alipokusanya karatasi. Mwalimu wako alikuja mwenyewe hapa nyumbani, nje kidogo ya Kasulu, akauliza kwa nini hukwenda kwenye maswali uliyoyaweza. Ulijibu ukiangalia chini: "Kwetu haturuki tuta."

Neno hilo ni langu. Nilikufundisha ukiwa mdogo, tukipalilia maharage, kwamba tuta likiachwa katikati ya shamba huita jeneza nyumbani. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa na mama yangu, na sikuwahi kulijaribu.

Mwalimu alikupa karatasi za mitihani iliyopita na akakueleza la kufanya akili ikifungika. Alinitaka nihakikishe unalifanya kila unapokwama, nyumbani, kabla ya siku yenyewe. "Mama, asifungue daftari," aliniambia. "Akizoea kufungua daftari hapa, kule atatafuta daftari ambalo halipo."

Basi nililichukua daftari nikalikalia. Simu ilipima muda. Nilichambua maharage huku nikiutazama mkono wako, na ulipoacha kuandika nilisema, "Kalamu chini!"

"Bibi, wewe hata swali hulijui."

"Swali silijui. Mkono uliokufa naujua. Kalamu chini, miguu sakafuni. Toa pumzi polepole, ndefu kuliko uliyoivuta. Tena. Haya, soma swali upya."

"Nimesoma."

"Umelitazama. Soma, upige mstari chini ya kile wanachokitaka na kile walichokupa. Kisha andika chochote unachokikumbuka juu yake, hata kama ni kidogo."

Siku hiyo hukukumbuka kitu. Ulikaa na midomo imekauka, na mvua ilikuwa inajikusanya juu ya vilima. Ilinibidi niseme lile alilosema mwalimu, na ulimi wangu ulikuwa mzito.

"Weka alama pembeni. Ruka."

Ulinigeukia. "Na jeneza, Bibi?"

"Karatasi haimziki mtu, mwana wanje, mwanangu. Ruka, kisha urudi."

Tulifanya hivyo karatasi baada ya karatasi, mpaka ukawa unaweka kalamu chini kabla sijafungua kinywa. Hata hivyo nilipolala niliyasikia maneno ya majirani.

Asubuhi ya mtihani wa hesabu ukungu ulifunika njia, nawe ukaondoka nikakupoteza machoni kabla hujafika kwenye mti wa mwisho. Nilishika jembe. Nilipofika katikati ya shamba nilisimama mbele ya tuta moja, nikaliruka. Kunguru mmoja alikuwa amekaa juu ya mgomba akinitazama. Niliendelea mpaka mwisho wa shamba. Kisha nilirudi nikalipalilia lile tuta, na hakuna aliyekuja kuniita kwa msiba.

Jioni uliniambia. Lile jambo lilikuja. Swali la kwanza lilikuwa jeusi tupu, na ulisikia moyo wako masikioni. Uliweka kalamu chini. Ulitoa pumzi, ukasoma upya, ukapiga mistari. Hakuna kilichokuja. Ukaweka alama, ukaruka, ukaenda kwenye swali la takwimu, kisha la mteremko wa mstari. Ulipokuwa unachora mstari huo, kanuni ya swali la kwanza ilirudi yenyewe, nawe ukarudi kulijibu.

"Yote ulijibu?" nilikuuliza.

"Moja lilinishinda, Bibi. Lakini niliandika nilichokijua."

Matokeo hayajatoka. Majirani wanapita wakichungulia uani, nami sijui yatakuja na nini. Wewe tunza haya: karatasi ulizofanyia mazoezi, uziweke kwenye sanduku la mama yako, ili atakayekuja baada yako azikute. Tunza pumzi ndefu. Neno la jeneza usilitunze, likome kwangu. Na lile jambo likikujia tena, katika chumba chochote, usiketi nalo. Weka alama, uende, kisha urudi.