Sura ya Saba Niliyoifupisha

Wiki sita kabla ya mtihani wa darasa la kumi nilisimama mbele ya darasa, mwalimu akiwa ameenda kula, nikagonga meza kwa rula.

Shida yetu kila mtu aliijua. Kitabu cha bayolojia kilikuwa kikikaa kabatini, nakala tano, na sisi tulikuwa darasa zima. Ukikipata leo, mpaka zamu yako irudi umeshasahau ulichosoma.

"Jamani, nisikilizeni kidogo," nilisema. "Kitabu kina sura kumi na nne. Kila mtu achukue sura moja tu. Aisome vizuri, aandike muhtasari kurasa mbili, basi. Halafu tunabadilishana. Badala ya kugombania kitabu kimoja watu sita, kila mtu atakuwa na kitabu chote mkononi kabla ya mtihani. Anayefaulu peke yake hapa ana faida gani? Sote tunatafuta darasa la kumi na moja!"

Nilikuwa najiona msemaji. Siku hizo za kudai uhuru kila uwanja ulikuwa na mtu amepanda kwenye boksi anahutubia, na nadhani homa ile ilikuwa imenishika na mimi.

"Mheshimiwa, kadi za chama chako unauza wapi?" aliuliza mmoja kule nyuma. Watu wakacheka. Huyu mjomba wake alimnunulia kitabu chake mwenyewe. "Mimi simo. Nikikariri uongo wa mtu mwingine, nani atanilipa mwaka wangu?"

"Uongo gani? Wewe sema una choyo."

"Haya, choyo. Tutaonana Januari, majibu yakitoka."

Walikubali kumi na watatu, na mimi wa kumi na nne. Sura zikaenea kama zimepimwa. Mimi nikachukua ya saba, ya mbu na malaria, kwa sababu niliiona nyepesi. Nani mtoto wa Msimbazi asiyemjua mbu?

Kazi ya kunakili aliichukua rafiki yangu. Alikuwa na mwandiko ambao hata walimu waliusifu. Baba yake alikuja kutoka Kilimanjaro, akafungua duka la jumla na rejareja la vitunguu na viazi Kariakoo, na mwanawe alikaa naye pale pale uani. Mzee hakuwa mkali, ila alishasema neno lake mbele yangu: "Akipita, asome mpaka achoke. Asipopita, anavaa aproni. Mimi mgongo umekwisha." Rafiki yangu hakutaka duka. Alitaka kuwa daktari. Alilisema jambo hilo kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba asichekwe.

Kila mtu aliyemaliza muhtasari alimpelekea dukani. Yeye aliketi juu ya gunia, ubao magotini, anaandika kwa kukandamiza kalamu ili karatasi za kaboni zitoe nakala tatu chini. Seti moja ilienda Buguruni, moja Ilala, moja Mchafukoge, na ya juu ikabaki kwake. Wenzetu wa kila upande wakanakili kutoka hapo. Mpango ulienda vizuri kuliko nilivyotegemea.

Mimi ndiye niliyechelewa. Mwenye kuwahimiza wengine! Kitabu kilipofika zamu yangu nilikisoma haraka haraka, nikaruka michoro, nikarudisha. Muhtasari niliuandika kesho yake kwa kichwa. Nilikumbuka kwamba mbu wa malaria, anofelesi, akitua ukutani huinua mkia juu, amekaa mshazari, na yule mwingine, kuleksi, hulala sambamba na ukuta. Hiyo ni kweli. Nikafika kwenye kiluwiluwi ndani ya maji. Sikukumbuka. Nikasema mtoto atafuata mzazi wake tu. Nikaandika kwamba kiluwiluwi wa anofelesi huning'inia mshazari, kichwa chini, na wa kuleksi hulala sambamba na uso wa maji.

Rafiki yangu alisimamisha kalamu hapo hapo.

"Hapa una uhakika?"

"Andika bwana, siku zinakwisha."

"Nauliza tu. Hukuchora picha."

"Picha za nini? Maneno yanatosha. Wewe daktari au karani?"

Alicheka, akaandika.

Ijumaa, siku tatu kabla ya karatasi ya bayolojia, nilitumwa kuhesabu vitabu kabatini. Nikafungua kimoja bila sababu, kikafunguka sura ya saba. Mchoro ulikuwa mkubwa, nusu ukurasa. Kiluwiluwi wa anofelesi amelala sambamba chini ya uso wa maji. Wa kuleksi ananing'inia kichwa chini, anavuta hewa kwa mrija wa mkiani. Nilikuwa nimewageuza.

Kutoka shuleni mpaka dukani kwa rafiki yangu ni mwendo wa robo saa. Yeye angepeleka habari kwa wengine, wote tulijua nani anakaa wapi. Nilifika mpaka kona ya sokoni. Pale nikamkuta yule mwenye kitabu chake, anakula muhogo wa kukaanga.

"Mheshimiwa! Wananchi wako wanaendeleaje?"

"Wanaendelea," nikasema.

Nikaona jinsi atakavyocheka. Nikaona darasa zima likicheka. Nikajiambia vitabu vina mambo mengi, swali la mbu halitatoka. Nikageuza nikaenda nyumbani.

Swali lilitoka. Linganisha anofelesi na kuleksi katika hatua zote za maisha yao. Tulitakiwa kuchagua matano kati ya manane. Mimi ningeweza kulijibu sawasawa, maana mchoro bado ulikuwa machoni. Sikuligusa. Niliona aibu kupata alama kwa jambo nililowaficha wenzangu, au labda niliogopa tu kuwa tofauti nao. Mpaka leo sijui. Nikageuka kidogo, nikamwona rafiki yangu anaandika mbio, amefurahi.

Januari hedimasta alituita kusikiliza majibu. Kabla ya kusoma alitoa barua ya wasahihishaji. Ilisema watahiniwa kumi na watatu wa shule hii wamejibu swali la mbu kwa sentensi zile zile, neno kwa neno, na kosa lile lile. Hawakusema tumeiba, maana aliyeiba jibu angeiba lililo sahihi. Lakini kwa kufanana huko, swali hilo wote walipewa sifuri.

"Mmekariri kama kasuku," alisema hedimasta. Kisha akanitaja mimi. "Kati yenu kumi na wanne mliogawana sura, huyu peke yake aliliacha swali hilo, hakufuata mkumbo. Huyu alitumia kichwa chake mwenyewe. Simama wakuone."

Nikasimama. Nilikuwa na nafasi ya kusema, hata sentensi moja ingetosha. Yule aliyenunuliwa kitabu na mjomba wake alinitazama mdomo wazi, kwa mara ya kwanza hana mzaha. Nikaketi.

Rafiki yangu alikosa darasa la kumi na moja kwa alama chache. Chache kuliko za swali lile.

Ilinichukua wiki mbili kwenda dukani. Nilimsalimia mzee, "Shikamoo baba," akaitika marahaba, akanipongeza, akaingia ndani. Mwanawe alikuwa amevaa aproni, anachagua vitunguu vilivyooza.

"Ile sura ya saba," nilianza.

"Najua ilikuwa yako. Mimi ndiye niliyenakili." Hakuinua kichwa. "Kukosea sote tunakosea. Ninachojiuliza, mbona wewe hukulifanya swali lako mwenyewe?"

Nikaokota kitunguu kilichoanguka, nikakirudisha kwenye gunia.

"Ulijua lini?"

"Ijumaa."

Alihesabu kwa vidole, taratibu: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Akavirudisha vidole kwenye vitunguu.

"Sogea kidogo," alisema, "unamzibia mteja."

Nikasogea. Mama mmoja aliingia na kikapu, akauliza viazi, naye akamhudumia kwa adabu, akamchagulia vizuri kimoja kimoja. Nilisubiri mpaka mama yule akaondoka. Akaja mwingine.

Jumatatu iliyofuata nilianza darasa la kumi na moja.