Dakika za Kabla ya Saa Kumi na Mbili

Mashine ilikuwa na sauti ya mwanamke. Ukiweka kidole kwenye kioo chake, taa ya kijani inawaka, naye anasema, "Ahsante." Hakuna aliyejua sauti ile ilirekodiwa wapi. Haikuwa ya mtu wa Tarime. Niliacha kazi ile zamani kidogo, na bado alfajiri nyingine huisikia kabla jogoo hajawika, naamka nikitafuta viatu.

Ilikuwa nguo, kazi yenyewe. Nyamongo kuna mgodi mkubwa wa dhahabu, na mkandarasi mmoja alikuwa na zabuni ya kufua na kupiga pasi ovaroli za wachimbaji na mashuka ya kambi. Tulikuwa wanawake kumi na wawili na wanaume watatu wa boila. Zamu ilianza saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, na saa moja ya kula katikati. Lakini basi lilituchukua Nyamwaga mapema ili saa kumi na moja na nusu tuwe tumeshaweka kidole. Baada ya kidole tulipuliza kile kipimo cha pombe, mmoja mmoja. Tukavaa ovaroli na buti. Tukasimama mduara kusikiliza maneno ya usalama: mvuke unaunguza, sakafu imelowa, usiingize mkono kwenye mashine inayozunguka. Kisha tukachambua magunia ya nguo za zamu ya usiku na kuwasha pasi. Saa kumi na mbili ilipofika, pasi zilikuwa za moto na nguo zimeshapangwa.

Hakuna aliyetuficha kitu. Siku ya kwanza kabisa mtunza mahudhurio alitueleza: anayeweka kidole kabla ya saa kumi na mbili anahesabiwa saa kumi na mbili. Anayechelewa, hata dakika moja, anapelekwa kwenye robo saa inayofuata. Jioni ukitoka saa kumi na dakika kumi na mbili, unarudishwa saa kumi kamili. Tulitikisa vichwa. Ilisikika kama utaratibu, na utaratibu mtu haukatai.

Meza ya pasi iliyopakana na yangu ilikuwa ya mama mmoja aliyefanya kazi pale miaka sita. Tulimwita Mama wa Pasi. Alikuwa mrefu, mkavu, na alikunja kola kwa namna ambayo sijaona kwa mtu mwingine, kama anafunga mlango taratibu asiamshe mtoto. Hakuzaa mtoto wa kiume, na mabinti zake walikuwa wameolewa mbali. Kwa hiyo alifanya kama wanawake wengi wa kwetu wenye hali yake: alioa. Nyumba ntobu, ndivyo sisi Wakurya tunavyouita mwanamke kuoa mwanamke. Alitoa ng'ombe kwa familia ya binti mmoja wa upande wa Serengeti, binti akaja kukaa kwake kama mke wa nyumba ile, akazaa mtoto wa kiume. Mtoto huyo alikuwa mjukuu, mrithi na kila kitu. Kila Jumatatu tulisikia habari zake: ameota jino, ameita kuku kwa jina la jirani.

Mahari haikuisha. Ilibaki ng'ombe mmoja, mtamba, na kaka wa yule binti alikuwa ameshakuja mara mbili kumkumbusha. Mara ya pili hakukaa hata kwenye kiti. Alisema mavuno yakiisha bila mtamba, dada yake anarudi nyumbani na mtoto wake.

Hayo yote tuliyajua. Tusichokijua ni kwamba yalihusiana na mashine, mpaka siku basi lilipopasuka tairi.

Tulifika tukiwa tumechelewa dakika tatu. Mtunza mahudhurio, kijana mpole aliyetoka Musoma na kumwamkia kila mama shikamoo, alikuja kwenye meza za pasi akatuambia kwa huzuni kwamba robo saa yetu imekatwa na kila mmoja ana onyo la kwanza. Tatu ni kufukuzwa. Mama wa Pasi akaweka pasi chini.

"Mwanangu, marahaba. Nikuulize. Leo nimechelewa dakika tatu, umechukua kumi na tano."

"Si mimi mama, ni mfumo."

"Haya, mfumo. Jana niliwahi nusu saa. Juzi nusu saa. Mwaka jana wote. Hiyo mfumo umeipeleka wapi?"

Kijana akacheka kidogo, akaona hakuna anayecheka. "Mama, kuwahi ni hiari."

"Hiari!" akadakia mtu wa boila. "Sikia mura, kijana, kesho na mimi nisiwashe boila kwa hiari, tuone."

Siku ile mchana, badala ya kulala kidogo juu ya magunia kama kawaida yetu, tulihesabu. Nusu saa kila siku, siku tano kwa wiki. Kwa mwezi ilizidi siku nzima ya kazi, kwa mwaka ilikaribia wiki tatu, na ilikuwa juu ya saa za kawaida, kwa hiyo ilistahili kulipwa kwa kiwango cha muda wa ziada, moja na nusu. Jioni zile hatukuzihesabu hata. Mama wa Pasi hakuwa anasikiliza wiki wala asilimia. Alikuwa anatazama ukuta. Halafu akasema polepole, "Miaka sita. Huyo ni ng'ombe." Akafikiri tena. "Na ndama wake."

Kuanzia hapo sikuweza tena kuingia pale bila kumwona yule ng'ombe. Nilimwona amesimama kwenye mvuke kati ya magunia, mwekundu, kimya, anakonda nusu saa kwa nusu saa.

Kosa letu lilifuata. Tulikubaliana kwamba kama kuwahi ni hiari, basi tutafika saa kumi na mbili kamili, tuone. Tulimwomba dereva achelewe kutoka Nyamwaga. Tulifika getini saa kumi na mbili kasoro dakika tano, tukijisifu. Kwetu sisi ukishaingia uani mwa mtu umefika. Ukishaitikiwa hodi, umeshahesabiwa miongoni mwa waliopo. Tulisahau kwamba mkandarasi hakuhesabu hivyo. Siku chache kabla, walikuwa wamehamisha kipimo cha pombe, sasa kilikuwa mbele ya mashine. Kumi na watano tukapanga foleni, mmoja mmoja tukipuliza, hakuna anayeruhusiwa kwenye mashine mpaka wa mwisho apulize, na saa kumi na mbili ikapita tukiwa tumesimama uani. Wa kwanza kuweka kidole aliweka saa kumi na mbili na dakika moja. Kila mmoja akapoteza robo saa. Kila mmoja akapata onyo la pili.

"Ahsante," mashine ilituambia, mara kumi na tano.

Tulikwenda Tume ya usuluhishi. Chama cha wafanyakazi kilitupa mtu wa kutuandikia maombi, na mimi na Mama wa Pasi tulichaguliwa kuingia chumbani kwa niaba ya wenzetu. Ofisa wa mkandarasi alivaa shati jeupe ambalo, nina hakika, tulikuwa tumelipiga pasi sisi. Alisema tunafika mapema kwa sababu ya ratiba ya basi, si kwa sababu ya kazi.

Msuluhishi, mama mwenye miwani, alimuuliza swali moja. "Mfanyakazi akifika saa kumi na mbili kamili, bila kupuliza, bila buti, bila maneno ya usalama, anaruhusiwa kugusa pasi?"

"Hapana, haruhusiwi kabisa. Ni hatari."

"Basi hiyo ni kazi."

Nilidhani tumeshinda. Kisha akatugeukia, akaeleza kwa upole kwamba madai ya namna hii huletwa ndani ya siku sitini tangu yalipotokea. Ya nyuma ya hapo lazima kwanza tuombe ruhusa ya kuchelewa na kutoa sababu za msingi.

"Sababu ni kwamba hatukujua," nilisema.

"Mlielezwa siku ya kwanza," ofisa alisema. Na ilikuwa kweli.

Tungeweza kuendelea. Lakini mavuno yalikuwa yameshaanza, na mkandarasi alitoa ahadi mezani: atalipa siku sitini zile, na kuanzia mwezi unaofuata muda wetu utahesabiwa kuanzia kidole kinapowekwa, dakika kwa dakika, asubuhi na jioni. Maonyo, alisema, yanabaki, na sasa kuchelewa kutaanzia saa kumi na moja na nusu. Mama wa Pasi alitazama karatasi kwa muda mrefu. Aliniuliza kwa Kikurya kama siku sitini zinatosha mtamba. Nilimwambia hazitoshi mbuzi wawili. Akasaini.

Nje, kwenye ngazi, alisema, "Miaka sita wameila kwa kuchelewa kutulipa. Na sisi ndio tunaambiwa tumechelewa." Hakukasirika. Alikuwa kama mtu anayesoma kibao cha barabarani.

Alimpelekea yule kaka fedha alizopata na kumwomba angoje mishahara michache, kwa kuwa sasa kila asubuhi ingekuwa na nusu saa yenye malipo. Kaka alizipokea. Alisema atafikiri. Mama wa Pasi alirudi kazini akiwa na matumaini, akakunja kola zake.

Asubuhi ninayotaka kuieleza ilikuwa ya kwanza ya utaratibu mpya. Giza lilikuwa bado, na ukungu umeshuka kwenye migomba. Basi lilikuwa limeshapita Nyamwaga taa zilipomulika watu watatu pembeni mwa barabara, wakielekea upande tuliotoka. Mbele alikuwa mwanaume amebeba godoro kichwani. Nyuma yake, mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa na kofia ya sufu ya njano, ambayo sote tuliijua kwa sababu ilifumwa juu ya magunia yale, wakati wa chakula cha mchana. Walikuwa wamesubiri Mama wa Pasi atoke nyumbani.

Yule binti aligeuza uso kutoka kwenye taa. Mtoto hakugeuza. Alitazama basi moja kwa moja.

Dereva akapunguza mwendo. "Mama," alisema bila kugeuka, "nisimame?"

Mama wa Pasi alikuwa ameshashika chuma cha kiti cha mbele, amenyanyuka nusu. Sote tulijua onyo la tatu ni nini. Bila kazi hakuna mtamba, na bila mtamba hata akiwasimamisha leo watakuja kesho.

"Saa ngapi?" aliuliza.

Nilimwambia. Tulikuwa na muda wa kufika, si wa kusimama.

Alibaki vile, amenyanyuka nusu, mpaka taa zetu zikawaacha na kile kioo cha nyuma kikawa cheusi. Kisha akaketi. "Twende," alisema, ingawa tulikuwa tumeshakwenda.

Uani tulipuliza, mmoja mmoja. Yeye alikuwa mbele yangu. Aliweka kidole saa kumi na moja na dakika ishirini na nane, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita dakika zile zilikuwa zake, zote, hadi saa kumi na mbili. Taa ya kijani ikawaka.

"Ahsante," ilisema ile sauti.

Akasimama hapo, kidole bado kwenye kioo, kama anangoja iseme na jingine.