Kila Ndama na Mstari Wake

Mimi ni mtu wa Excel, na sioni haya kusema hivyo. Nipe mistari inayoshuka na safu zenye vichwa juu yake, nami nitakupangia maziwa ya chama kizima kabla chai haijapoa. Kwa hiyo asubuhi ile faili ilipofunguka kwenye kompyuta ya ofisi yetu katika mji mdogo wa Ziwa, na mbele yangu pakajaa mabano, koloni na alama za nukuu, nilidhani mashine imeugua. Niliifunga, nikaifungua tena. Mabano yalikuwa pale pale.

Chama chetu ni cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na mimi ndiye karani wake. Kwa muda mrefu maafisa wa mradi fulani walikuwa wakizunguka boma hadi boma na simu zao, wakiandika kila mfugaji ana ndama gani na kila ndama ametibiwa nini. Mradi ulipoisha, walitutumia kila kitu katika faili moja ambayo jina lake liliishia na herufi JSON, pamoja na salamu za kututakia heri. Heri tuliipokea. Faili ndiyo iliyotushinda.

Wiki hiyo hiyo daktari wa mifugo akapiga simu kwamba chanjo ya ndigana imepatikana. Ndigana ni ule ugonjwa wa kupe unaomaliza ndama huku kwetu, na chanjo yake hudungwa mara moja tu katika maisha ya mnyama. Lakini ni chanjo yenye madaha. Hukaa kwenye mtungi wa baridi kali unaofuka moshi, na ikishayeyushwa lazima itumike siku hiyo hiyo, kwani hairudi kuganda. Daktari alitaka orodha ya ndama wote ambao hawajachanjwa ili ajue aandae dozi ngapi. Mwenyekiti naye akaongeza sharti lake: atakayekuja ni aliyepigiwa simu peke yake, maana mara iliyotangulia watu walijileta tu, dozi zikaisha, na nusura fimbo ziinuliwe.

Kulikuwa na mama mmoja mjane aliyeleta maziwa kwa miguu, kibuyu kimoja cha plastiki kila alfajiri. Ng'ombe wake wa pekee wa maana alikuwa amekufa kwa ndigana msimu wa mvua uliopita, akabaki na mkongwe mmoja asiyetoa zaidi ya hapo. Akina mama wa kanisa wakachanga, wakamnunulia ndama jike. Tangu asikie habari za chanjo, kila akifika kwenye dirisha langu aliuliza swali moja.

"Mama, mimi niko kwa list?"

"Uko," nilimwambia. "Uko, usijali."

Nilisema hivyo nikiwa sijaiona orodha yenyewe. Nilijua tu kwamba afisa alifika kwake, kwa sababu siku hiyo mama huyo alitusimulia mpaka tukachoka.

Ninaishi mtaa wa Kapsoya, na lango la tatu kutoka kwangu anaishi msichana anayefanya kazi za kompyuta nyumbani. Tunasali pamoja, basi. Sikuwa na haki yoyote ya kumsumbua, lakini nilimsumbua. Aliifungua ile faili kwenye laptopu yake, akatabasamu kama mtu aliyekutana na jirani wa zamani.

"Hii haijaharibika, mama. Imepangwa tu vingine. Unajua zile sufuria za sokoni, ndogo inawekwa ndani ya kubwa?"

Nilimwambia nazijua, ninazo seti mbili.

"Sasa hapa mfugaji ndiye sufuria kubwa. Ndani yake kuna ndama zake. Ndani ya kila ndama kuna matibabu yake. Excel inataka kila kitu kiwe kwa meza moja, kimepangwa flat. Kazi yangu ni kuzitoa moja moja bila kusahau ni ya nani."

Ijumaa alinitumia jedwali. Jamani, nilifurahi! Mistari inashuka, safu zina vichwa: mfugaji, simu, ndama, matibabu, tarehe. Hata nambari za simu zilikuwa zimebaki na sifuri zake za mwanzo, ambazo Excel hupenda kuzila ikidhani ni hesabu. Nilitaka kulichapisha papo hapo nimpelekee daktari, nikampigia msichana kumwambia limetoka zuri ajabu.

"Usiprint bado," akasema. "Kesho kuja, na ukuje na ndama unazozijua."

Nilidhani ananitania. Jumamosi baada ya chakula cha mchana nilikwenda, mvua ikinyesha, nikamkuta ameshaweka chai mezani. Akanieleza kwamba jedwali kukaa vizuri si kitu. Yeye hutafuta ndani yake jambo ambalo mtu analijua kwa macho yake, aone kama limesimuliwa sawasawa.

Nilianza na ndama wangu mwenyewe, aliye kwa shemeji yangu. Alikuwepo, tena mara tatu.

"Mbona wamekuwa watatu?" nikauliza. "Mungu amenibariki lini?"

Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Ndama wangu alikuwa ametibiwa mara tatu: dawa ya minyoo, kuogeshwa, kisha minyoo tena. Jedwali lilitoa mstari mmoja kwa kila tibabu, na jina langu na la ndama likarudiwa kila mara. Si kosa kwa mtu anayehesabu matibabu, alisema, ila daktari akihesabu mistari akidhani ni ndama, ataandaa dozi za wanyama wasiokuwepo. Aliandika jambo hilo pembeni, akanitaka nitaje ndama mwingine.

Nikamtaja yule mama mjane.

Alitafuta kwa jina. Hakuna. Akatafuta kwa nambari ya simu niliyomsomea kutoka kwa simu yangu. Hakuna. Mtu niliyemwambia kila asubuhi kwamba yuko, hayuko. Nilimwona akilini mwangu akingoja simu ambayo haitalia, na siku ya chanjo akisikia kwa majirani kwamba daktari alikuja na akaondoka.

"Labda hawakumwandika," nikasema, na sauti yangu mwenyewe sikuipenda.

"Tuangalie kwa ile file ya kwanza."

Alirudi kwenye yale mabano yaliyonitisha, akatafuta nambari ile ile. Na hapo akawa yupo. Jina lake, kijiji chake, ndama wake jike na alama yake ya paji jeupe. Kisha penye matibabu palikuwa na mabano mawili ya mraba yanayotazamana, katikati hamna kitu.

Msichana aliyasogelea kuyaangalia. Kisha akajipiga paji la uso.

"Ni mimi, mama. Nimeambia program itengeneze mstari kwa kila tibabu. Huyu hana hata moja. Kwa hivyo amekosa mstari, na akapotea yeye, ndama na simu yake."

"Na wengine kama yeye?"

"Wote wasio na tibabu hata moja."

Nilikaa nikilitafakari hilo. Waliobaki kwenye jedwali ni wale ambao walau mtu aliwahi kuwapa ndama wao dawa. Waliopotea ni wale ambao ndama wao hawajawahi kuguswa na sindano wala kuogeshwa, yaani wenye shida kuliko sote, na hao ndio daktari aliokuwa akija kwa ajili yao hasa. Lakini jedwali lilikuwa limenyooka, halina pengo hata moja, na mimi nilikuwa nimelisifu.

Hakupoteza muda kujilaumu, na hilo nalo nilimpenda kwalo. Safari hii alianza na ndama badala ya matibabu: kila ndama mstari mmoja, awe ametibiwa au hajatibiwa, na mwenye ndama arudiwe kwenye kila mstari wa ndama wake. Matibabu akayahamishia karatasi ya pili ndani ya faili hiyo hiyo, yakiwa na nambari ya ndama ili mtu aweze kuyafuatilia. Kwenye karatasi ya kwanza akaongeza safu moja yenye kichwa "Chanjo ya ndigana". Wasiochanjwa aliwaachia kisanduku kitupu.

"Hapo usiache wazi," nikamwambia, kwa maana sasa nilikuwa nimepata sauti. "Wazee wetu wakiona pa wazi watasema karani amesahau. Andika neno."

"Tuandike nini?"

"Bado."

Akaandika. Halafu akahesabu ndama waliomo kwenye ile faili ya mabano na mistari iliyomo kwenye jedwali, na alipoona hesabu zimelingana, ndipo akanigeuzia laptopu nijionee. Mama mjane alikuwepo. Ndama jike, paji jeupe, Bado. Nilimkumbatia msichana wa watu na chai yake mkononi.

Siku ya chanjo tulikusanyika penye josho la zamani. Daktari alifungua mtungi, moshi ukamwagika kwenye nyasi, na ndama wakaingizwa mmoja mmoja katikati ya mbao za kuwabana. Mimi nilisoma mistari kwa sauti kutoka kwenye jedwali nililochapisha. Nilipofika kwa mama mjane, alimsukuma ndama wake mwenyewe bila kungoja msaada. Ndama akadungwa sindano ya chanjo karibu na sikio, na ya pili, ya dawa inayoandamana na chanjo hiyo, kwenye msuli, akavishwa hereni ya plastiki ya kuonyesha amechanjwa. Mama hakuondoka. Alikuja akasimama ubavuni mwangu.

"Hebu nione vile umeniandika."

Nilimwonyesha mstari. Nikakata neno Bado kwa kalamu, nikaandika Ndiyo juu yake, na yeye akafuata kwa kidole toka jina lake mpaka mwisho. Kisha akaenda zake na ndama wake, naye daktari akaita mwingine. Jioni msichana wa Kapsoya ndiye aliyenipigia. Hakuuliza kuhusu jedwali. Aliuliza, "Na yule mwenye paji jeupe?"

Karibu miaka mitatu imepita tangu hapo. Msimu mmoja katikati, ndigana ilipita kwenye maboma ya kule kwa mama mjane na kuacha kilio, ikamruka yeye. Wiki iliyopita alifika dirishani mapema kuliko kawaida, anahema, nami nikajiandaa kwa habari mbaya.

"Mama, amezaa," akasema. "Tena ni jike. Uniandikie."

Nikafungua jedwali nikaongeza mstari chini kabisa: jina lake, simu yake, ndama jike, umri siku moja. Nikafika kwenye safu ya chanjo.

"Hapo utaandika nini?" akauliza. "Huyu hana kitu."

"Hapo tunaandika Bado," nikamwambia, na nikamgeuzia kioo cha kompyuta aone kwamba kwa jina lake sasa wako wawili.